Miguu Yangu Ilikataa Kushuka New York

Wiki iliyopita dada mmoja wa Malindi aliniandikia. Viza imetoka, tikiti imekatwa, anamfuata mumewe New York, na swali lake lilikuwa moja tu: "Dada, nivae nini kwenye ndege?" Akanitumia na picha ya viatu alivyokwisha kununua. Vyeusi, ngozi ngumu, kisigino kifupi. Nilipoviona, kidole gumba cha mguu kilianza kuniuma chenyewe.

Vile viatu ni ndugu wa tumbo moja na vyangu.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa Januari, ile ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi mpaka New York iliyoanzishwa Oktoba 2018. Angani ni saa 15 hivi. Mimi ni mtu wa Lamu, miguu yangu imezoea makubadhi na ndara tangu utotoni. Lakini mnatujua sisi, mtu akienda ng'ambo lazima aonekane anakwenda ng'ambo. Nikateremka Mombasa, saa tatu asubuhi niko dukani, nikachagua namba 39 iliyonikaa sawasawa, nikalipa bila hata kuvutana bei. Saa tatu asubuhi! Mguu wa asubuhi ndio mwembamba kuliko wa saa zote, na kufikia magharibi umeshajaa kidogo hata kama hujaiona ndege. Hilo hakuna aliyeniambia.

Habari za kuvuka kwa boti hadi uwanja wa ndege wa Manda na kungoja Nairobi naziruka. Tuliondoka usiku, na saa mbili hazijatimia nikawa nimevua viatu. Nikalala, nikala, nikalala tena. Zilipobaki dakika kama 40 tutue, tukaambiwa tufunge mikanda, nikainama kuvaa. Mguu wa kulia uliingia nusu. Wa kushoto ukaishia vidoleni. Nikabonyeza juu ya kifundo, pakabaki shimo, kama unavyobonyeza unga wa mahamri uliokwisha kuumuka, na shimo lenyewe halina haraka ya kujaa. Nikachukua kijiko cha plastiki kilichobaki na chakula, nikakitia kisiginoni ili mguu uteleze. Kikakatika. Mzee wa kiti cha pili akageuza uso dirishani, Mungu amjalie kheri.

Nikashuka nimevikanyaga viatu visigino, naburura kama mtu anayekwenda msalani usiku. Foleni ya paspoti hivyo hivyo, mizigo hivyo hivyo. Nje binamu yangu ananingoja na simu mkononi. Kabla ya salamu, picha. Sijamfikia, picha iko kwenye kundi la ukoo. Mpaka leo kuna shangazi kila tukikutana harusini huniuliza, "Leo vimekubali?" Nacheka na wenzangu. Moyoni sicheki.

Sasa nisikilizeni, maana wengi wenu viza zenu ziko njiani. Mguu hauvimbi kwa sababu kiatu kinabana, na kukivua hakuzuii uvimbe. Damu ya miguuni hupandishwa na msuli wa shavu la mguu, kila ukitembea unaikamua kurudi juu. Ukikaa saa 15 na magoti yamekunjwa, na ukingo wa kiti umekandamiza mapaja kwa nyuma, msuli haufanyi kazi. Damu inatuama chini, maji yanajipenyeza nje ya mishipa na kukaa kwenye nyama ya kifundo na unyayo. Basi kiatu cha ndege hupimwa kwa mguu utakaokuwa nao ukishuka. Ule uliopandia hauna hoja.

Mwaka jana nilirudi tena, na safari hii nilijipanga. Nilinunua raba jioni, baada ya kusimama kutwa nzima, namba 40, sehemu ya juu ni kitambaa kilichofumwa kinachonyumbuka, na za kamba. Kamba ni muhimu, kwa sababu unailegeza mpaka tundu la mwisho na ulimi wa kiatu unafunguka wote. Kiatu cha kuchomeka tu hakina pa kulegeza. Kisha nikazifanyia mtihani ambao sisi watu wa Lamu tunao na wengine hawana: nilizivaa kwenye safari ndefu ya basi kutoka Mokowe, bara ya Lamu, hadi Mombasa, na soksi ndani, sikuzivua njia nzima. Nilipoteremka nikatazama miguu. Soksi ziliacha alama, raba haikuacha. Nikajua zinafaa.

Ndani nilivaa soksi za kubana zinazofika chini ya goti, zilizoandikwa 15–20 mmHg kwenye paketi, ndicho kipimo cha nguvu ya kubana. Hizi hupimwa kwa unene wa kifundo na wa shavu la mguu, usichukue kwa kukisia. Huvaliwa kabla mguu haujavimba, na usizikunje juu, kwa maana mkunjo hugeuka kamba na kufunga damu badala ya kuisukuma. Mwenye kisukari au mishipa ya miguu iliyoziba amuulize daktari kwanza. Na kama mguu mmoja tu ndio uliovimba, una joto na shavu la mguu linauma, hiyo si habari ya viatu tena, huenda damu imeganda. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na ukishindwa kupumua vizuri usingoje hata saa moja.

Mavazi ya juu nayo yalinifunza. Mara ya kwanza nilitoka Lamu na jasho, rasharasha za boti zikaniongezea, fulana ya pamba ikalowa. Pamba ni laini lakini inashika maji. Ndani ya ndege, kwenye baridi, ule unyevunyevu ulinitetemesha nikadhani naumwa homa. Safari ya pili nilibeba fulana kavu kwenye mkoba wa mkononi, nikabadilisha Nairobi kabla ya kupanda. Hilo tu lilikuwa nusu ya raha yangu.

Juu ya fulana, gauni la pamba lisilobana kiuno, na taitsi laini chini yake. Kisha sweta nyembamba ya sufu yenye vifungo mbele, na buibui la kufunguka mbele. Nasisitiza mbele. Jaribu kuvua nguo kwa kupitisha kichwani ukiwa kiti cha katikati, uone utamgonga nani kiwiko. Usiku wa ndege hubadilika: unapanda una joto, unaamka una baridi, chakula kikija una joto tena. Kila mara niliongeza au kupunguza moja tu. Na kikoi, jamani, msikiache nyumbani. Kilikuwa shuka, mto, na cha kuswalia. Koti la baridi nililiweka juu, nikalivaa mlangoni tu.

Ndara nilizipeleka kwa ajili ya msalani, maana sakafu ya kule huwa imelowa na sitaki kujua ni maji gani. Wakati wa kuruka na kutua, raba mguuni. Likitokea la kutokea, hutaki kukimbia pekupeku.

Tulipotua nilikaza kamba mpaka tundu la pili tu, nikatoka natembea kama mtu. Binamu alikuwepo, simu mkononi. Akaitazama miguu yangu, akarudisha simu mfukoni.

Mdogo wangu wa Malindi amenijibu jana. Anasema vile viatu vilikuwa ghali na dukani hawarudishi pesa. Nimemwambia avitie kwenye sanduku, avivae siku ya tatu, uvimbe ukiisha.