Sinki la Ukutani Halinyooshwi kwa Spana

Vijana wangu, juzi nilimkuta mmoja wenu amepiga goti chini ya sinki la kunawia mikono, anakaza nati ya kushoto kwa nguvu zake zote ili kufunga mwanya uliobaki kati ya sinki na ukuta. Nilimshika mkono kabla sijamsalimia. Nawapenda, lakini kosa hili nimelikemea mara nyingi mno, kwa hiyo leo naliandika.

1. Anzeni na breketi, si na sinki. Pigeni mstari wa pima maji ukutani, kisha pimeni kutoka juu ya sinki hadi linapokalia breketi, ili ukingo uje kwenye sentimita 80 hadi 85 kutoka sakafuni. Kigae kitobolewe bila mtikisiko wa nyundo. Mtikisiko uwashwe mkishafika kwenye tofali. Breketi zikishafungwa, lazeni ubao ulionyooka juu ya zote mbili na mpime tena, kwa sababu tundu huhama kidogo drili inapokutana na kokoto. Breketi moja ikiwa chini kwa milimita mbili, sinki litakalia nyingine peke yake, na uzito wote utaelemea sehemu isiyozidi upana wa kidole. Legezeni skrubu muisogeze, au wekeni kipande cha mpira juu ya iliyo chini.

2. Ukingo wa sinki usiaminiwe moja kwa moja. Kauri hujikunja kidogo ndani ya tanuri, kwa hiyo pima maji ikilazwa kwenye kipande kifupi cha ukingo inaweza kuwadanganya. Lazeni ubao kutoka ukingo hadi ukingo, wekeni pima maji juu yake, msome, kisha mgeuze pima maji upande wa pili msome tena. Masomo mawili yakitofautiana, mwenye kasoro ni pima maji.

3. Nati. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia.

Nilikuwa na mwaka wa pili kazini. Breketi zilikuwa sawa na ukingo ulikuwa sawa, lakini kigae kimoja upande wa kulia kilikuwa kimetokeza, hivyo mgongo wa sinki ulikigusa chenyewe, na upande wa kushoto ukabaki mwanya wa milimita tatu hivi. Badala ya kuujaza, niliamua kuuvuta kwa nati. Tena wosha ya plastiki ilikuwa imeanguka sakafuni, nami nikaona uvivu kuitafuta, nikatumia ya chuma peke yake. Nikakaza, mwanya ukapungua, nikakaza tena. Ndipo nikasikia mlio mdogo, mkavu, kama kijiti kinachovunjwa ndani ya kitambaa. Nilitazama mbele, uso unaong'aa wa kauri ulikuwa mzima. Nilipoingiza taa nyuma, nikaona ufa mwembamba kama unywele ukitoka kwenye tundu la boliti, wenye urefu wa vidole viwili. Nilijua maana yake, na bado niliupaka silikoni nikaondoka bila kumwambia mwenye nyumba neno.

Wiki tatu baadaye aliniita. Ufa ulikuwa umefika kwenye tundu la kuzuia maji yasifurike, ukuta ulikuwa umelowa, na sinki lilitikisika ukiliegemea. Lingeweza kumwangukia mtoto miguuni, na kauri iliyovunjika hukata kama kioo. Nilimweleza ukweli wote siku hiyo, nikanunua jingine kwa fedha yangu, lakini zile wiki tatu za kunyamaza bado zinaniuma kuliko hasara.

Chuma hunyumbuka kikivutwa. Kauri haijui kunyumbuka, na mvutano wote hukusanyika kwenye ukingo wa tundu. Mwanya ukiwepo, jazeni kwa vipande vya plastiki ngumu vilivyo karibu kabisa na boliti, mpaka sinki lisicheze hata kabla ya nati kufungwa. Kisha wosha ya plastiki au mpira iguse kauri, ya chuma ifuate, nati ikazwe kwa vidole hadi igome, na spana iongeze robo ya mzunguko tu. Likiendelea kucheza baada ya hapo, tatizo liko kwenye fisha inayoshika boliti ndani ya ukuta au kwenye mwanya, halimo kwenye nati.

4. Kabla ya kufunga, gongeni sinki kwa kifundo cha kidole likiwa limelazwa kwenye kitambaa. Zima hulia kama kengele. Lenye ufa hutoa sauti iliyokufa.

5. Silikoni ni ya kuzuia maji, haibebi uzito wala haigangi ufa. Ipakeni mwisho kabisa, kauri na vigae vikiwa vikavu, kwa mstari mmoja usiokatika juu na pembeni. Chini acheni wazi, ili maji yakipenya siku moja yaonekane yakidondoka badala ya kujificha nyuma. Bomba lisifunguliwe wala mtu asiliegemee sinki hadi saa 24 zipite.

Na yule wa juzi: wosha yako ya plastiki nimeiona chini ya ndoo.