Wasifu wa Shabani, fundi wa AC

*"Wakuu, ofisini wanataka niandike wasifu wangu mfupi wa kikazi, aya moja tu. Mimi ni mtu wa aibu, kujisifu siwezi, na nikifikiria sioni hata nina kipi cha kusema. Nyinyi mlianzaje?"*

Mkuu, nina karakana ndogo ya friji na AC hapa Tanga. Mwaka juzi tuliomba zabuni ya kuhudumia mashine za jengo moja la ofisi, na kwenye makabrasha walitaka wasifu wa kila fundi, maneno yasiyozidi 120. Kijana wangu mmoja, nimwite Shabani, alikuwa hajawahi kuandika kitu kama hicho. Huyu ni mtu ambaye akimpa mteja risiti anaangalia viatu vyake. Akaniletea hii:

"Shabani ni kijana mchapakazi, mwaminifu na mwenye kujituma. Anaweza kufanya kazi peke yake au na wenzake, hata chini ya shinikizo. Ni msikivu na yuko tayari kujifunza."

Nikamwambia futa jina lako, weka la dereva wetu. Akaweka. Ikakaa sawasawa. Weka la mlinzi. Ikakaa pia. Hapo akacheka, na sikuhitaji kumweleza zaidi ubaya wa ile karatasi.

Nikamuuliza, haya, wewe unajua nini? "Kawaida tu bosi, kama mafundi wengine." Na hakuwa anajinyenyekeza, aliamini hivyo. Kitu unachokifanya kila siku bila kuhangaika unakiona cha kila mtu. Ndiyo maana swali la "una uwezo gani" kwa mtu wa aibu halina faida, litakuletea "kawaida" hadi kesho. Nikaacha kumuuliza sifa, nikamwambia alete daftari lake.

Shabani ana daftari la kaunta ambalo hakuna aliyemwagiza kuwa nalo. Kila kazi ina tarehe, aina ya mashine, maneno ya mteja kama alivyoyasema, halafu vipimo kabla na baada. Tukafungua ukurasa wa duka moja la dawa. AC ya ukutani, BTU 12,000, gesi R410A. Mstari wa kwanza: "Mteja anasema kila baada ya miezi miwili anajaziwa gesi."

Wenye AC mtanielewa. Gesi ya AC haitumiki ikaisha kama ya jikoni, inazunguka humo humo kwenye mabomba miaka na miaka. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Fundi anayejaza na kuondoka anakuuzia gesi ile ile mara sita kwa mwaka. Shabani alitoa gesi iliyobaki, akaingiza naitrojeni kwa presha, akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo, na mapovu yakatokea kwenye nati ya bomba la shaba nyuma ya mashine ya ndani, mahali pasipofikika bila kuishusha ukutani. Akakata mdomo wa bomba, akautanua upya, akavuta hewa yote kwa pampu ya vakyumu, kisha akajaza gesi kwa mizani kufuata uzito ulioandikwa kwenye kibandiko cha mashine. Ampea kabla 3.1, baada 4.7. Chini yake, kwa kalamu nyingine, tarehe ya miezi mitatu mbele: "Nimepita, bado inapoza."

Hicho kimstari cha mwisho ndicho kilichonishika. Nikamuuliza nani alimtuma kupita. "Hakuna, nilikuwa naelekea nyumbani."

Tukahesabu sasa. Mashine za kuvuja alizotengeneza peke yake zilikuwa 27, zilizorudi na tatizo lile lile 2. Yeye akarukia hizo mbili: "Lakini bosi, mbili zilirudi." Tukazitafuta. Moja kweli nati ililegea. Nyingine ilikuwa na koili ya nje iliyoliwa na chumvi ya bahari, na Shabani alikuwa ameshaandika kwenye risiti kwamba kuziba hakutadumu, koili ibadilishwe. Mteja hakutaka gharama. Kwa hiyo hata kwenye hesabu ya hasara kulikuwa na sifa aliyokuwa haioni: anamwambia mteja ukweli, tena kwa maandishi.

Ule upole wake nao ukajitokeza kwenye daftari. Ukurasa mwingine uliandikwa "maji yanadondoka usiku tu." Fundi msemaji angefungua bomba la kutolea maji ya AC, asafishe, aondoke. Shabani alimwacha mama mwenye nyumba aongee hadi akamaliza, na ndani ya maneno yake akasikia kwamba usiku wanapunguza feni ili watoto walale. Chujio lilikuwa limejaa vumbi. Feni ikipunguzwa hewa inakuwa ndogo mno, koili inaganda barafu, barafu ikiyeyuka maji yanazidi kijisinia chake. Alisafisha chujio na koili, tatizo likaisha, bomba hakuligusa.

Rasimu ya pili ikaja na ugonjwa mwingine, nao ni wa watu wa aibu hasa. Kila sentensi ilikuwa na "alisaidia", "kwa kiasi", "alijaribu". "Alisaidia kutafuta mivujo." Ulimsaidia nani? "Nilikuwa peke yangu." Basi ulitafuta. Tukapita neno kwa neno hivyo hivyo. Ila sehemu moja tulilibakiza: kwenye vyumba vya baridi vya kuhifadhia samaki alikwenda chini ya fundi mkubwa, na hapo "alisaidia" ndiyo kweli yenyewe. Ukiongeza chumvi hapo, siku ukipelekwa peke yako kwenye mtambo ule utaumbuka mbele ya kompresa.

Mwisho ikawa hivi:

"Shabani ni fundi wa friji na AC, mwenye cheti cha VETA ngazi ya tatu. Kazi yake kubwa ni kutafuta na kuziba mivujo ya gesi kwenye AC za majumbani na ofisini. Kati ya mashine 27 alizotengeneza na kuzifuatilia, 25 hazikurudi na tatizo lile lile. Huandika vipimo vya kila mashine kabla na baada ya kazi, na humpa mteja nakala. Amesaidia pia kuhudumia vyumba vya baridi vya samaki."

Jaribu kuweka jina la dereva hapo.

Sentensi ya nakala kwa mteja ilimtisha, alisema watu watamwona anajidai. Nikamwambia si unazitoa? Anazitoa. Ikabaki.

Ile zabuni tuliikosa, kuna waliokuja na bei ya chini. Lakini wasifu tunautumia hadi leo, na juzi nilipoufungua nikakuta 27 imefutwa, pana namba kubwa zaidi, na ameongeza mstari kuhusu kuwafundisha wanagenzi kuvuta vakyumu. Hakuniuliza.

Kama huna daftari, fungua meseji zako za WhatsApp na wateja au mkubwa wako wa kazi. Angalia wanakuita kwa shida gani, na ni shida gani wakishakuita wewe hawamtafuti mwingine. Unafanya kazi gani mkuu? Bandika hapa vitu vitatu ulivyofanya wiki iliyopita, bila sifa hata moja, tuvitazame.