Kuondoa nywila unayoijua kwenye PDF ili isikuulize tena kila ukiifungua

Taarifa za akaunti zinazotumwa kwa baruapepe, ziwe za benki au za pesa kwa simu, mara nyingi huja zikiwa zimefungwa. Nywila huwa ni namba ya kitambulisho, au tarakimu chache zilizokuja kwenye meseji. Hiyo ni kinga nzuri faili likiwa njiani. Shida huanza baadaye, pale unapozipanga taarifa za mwaka mzima kwa ajili ya mkopo, viza au hesabu za biashara, na kila ukifungua moja unaanza kuitafuta ile meseji ya miezi mingi iliyopita.

Makala hii ni kwa mtu ambaye faili ni lake na nywila anaijua. Kama nywila imepotea, rudi kwa aliyekutumia uombe taarifa nyingine. Hatua zilizo hapa chini hazitakusaidia, kwa sababu zote zinaanza kwa kulifungua faili kihalali.

Kwanza tuelewe kwa nini kufuli haliondoki lenyewe. PDF iliyofungwa haina mlango mbele ya maandishi ya kawaida. Maandishi na picha zilizomo ndani zimevurugwa kihesabu, na ufunguo wa kuyarudisha unatokana na nywila. Programu ya kusomea huyarudisha kwenye kumbukumbu ya kompyuta kwa muda ule tu unaosoma, huku faili lililo kwenye diski likibaki vilevile. Ndiyo maana kubadilisha jina la faili hakusaidii. Ndiyo maana pia wengi hukwama hapa: wanaifungua PDF kwenye Chrome, wanaweka nywila, kisha wanabofya alama ya kupakua wakidhani watapata nakala iliyo wazi. Wanapata faili lilelile, na kufuli lake lilelile. Lazima faili jipya liandikwe.

Njia ambayo wengi wenye kompyuta wanayo tayari ni kulichapisha faili ndani ya faili. Lifungue kwenye Chrome, weka nywila, bonyeza Ctrl na P, kisha penye Destination chagua Save as PDF badala ya jina la printa. Bofya Save, ulipe jina jingine, na umemaliza. Kwenye Mac, programu ya Preview inafanya kazi hiyohiyo kupitia File, kisha Export as PDF. Kwenye simu ya Android, lifungue kwa Drive, gusa nukta tatu, chagua Print, halafu Save as PDF.

Njia hiyo inatosha kama unataka kusoma tu. Lakini kinachotoka ni chapa ya kurasa, si faili la awali lililofunguliwa, na tofauti hiyo ina madhara. Viungo vya kubofya na orodha ya sura ya pembeni hupotea. Sehemu za fomu za kujaza hugeuka maandishi yasiyojazika. Kama Print as image imewekwa alama chini ya More settings, kila ukurasa unakuwa picha: faili linavimba na namba hazinakiliki tena. Jaribu kwa Ctrl na F: tafuta kiasi chochote unachokiona kwenye ukurasa. Kisipopatikana, umepata picha, na aliyetaka kuzihamishia zile tarakimu kwenye Excel ataziandika kwa mkono moja baada ya nyingine.

Lipo na jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui. PDF huhifadhi ndani yake jina la programu iliyoitengeneza. Ukiichapisha upya, jina hilo linaweza kubadilika, na tarehe ya kutengenezwa pia. Mtu anayekagua taarifa zako akiona kwamba karatasi ya benki imetengenezwa na kivinjari, ana haki ya kuuliza imepita mikononi mwa nani. Hujafanya kosa lolote, lakini maelezo yatakuwa juu yako.

Kwa hiyo kwa nyaraka za fedha ninapendekeza programu ya qpdf. Ni ya bure na inafanya kazi bila intaneti. Haichapishi upya. Inarudisha maandishi na picha kama vilivyokuwa kabla ya kufungwa, kisha inaandika faili jipya lisilo na kufuli. Kurasa, viungo na jina la programu ya awali vinabaki kama vilivyokuja.

Kwenye Ubuntu na Debian iweke kwa `sudo apt install qpdf`, kwenye Mac yenye Homebrew kwa `brew install qpdf`. Kwenye Windows, pakua faili la zip kutoka ukurasa wa mradi wa qpdf ulio GitHub na ulifungue. Ndani yake kuna folda iitwayo bin, yenye qpdf.exe. Njia nyepesi kwa asiyezoea amri ni kuweka nakala ya taarifa humohumo ndani ya bin, kubofya sehemu ya juu inayoonyesha anwani ya folda, kuandika `cmd` na kubonyeza Enter. Dirisha jeusi litafunguka likiwa tayari mahali panapotakiwa.

Tuchukue mfano wa faili liitwalo taarifa.pdf, ambalo nywila yake ni 048213. Amri ni hii:

```
qpdf --password=048213 --decrypt taarifa.pdf taarifa-wazi.pdf
```

Jina la kwanza ni la faili lililofungwa, la pili ni la faili litakalozaliwa. Mambo yakienda sawa, qpdf haisemi neno. Mstari mpya unatokea na faili jipya lipo kwenye folda. Ukimya huo huwatia watu wasiwasi, basi hakikisha:

```
qpdf --show-encryption taarifa-wazi.pdf
```

Jibu linalotakiwa ni `File is not encrypted`. Ukiliona hilo, kazi imekwisha.

Ukipata `invalid password`, usikimbilie kudhani faili limeharibika. Angalia sifuri ya mwanzo. Aliyehifadhi nywila zake kwenye Excel atakuta 048213 imekuwa 48213, kwa kuwa Excel huiona kama namba na kuitupa sifuri, ilhali kwa PDF hizo ni nywila mbili tofauti kabisa. Kama nywila ina herufi, kubwa na ndogo hazilingani. Kama umeinakili kutoka kwenye meseji, huenda nafasi tupu imebebwa mwishoni. Na kama ina alama kama `$` au `!`, kwenye Linux na Mac iweke ndani ya alama za kunukuu za mkato mmoja, hivi: `--password='Ab$12!'`, la sivyo dirisha la amri litaitafsiri alama hiyo kabla qpdf haijaiona. Kwenye Windows tumia alama za kunukuu za mikato miwili.

Kosa jingine ni kuandika jina moja mara mbili kwa matumaini ya kulifungua faili pale pale lilipo. Programu inakataa, na inakutajia `--replace-input` kama njia ya kulazimisha. Nakushauri usiitumie. Nakala iliyofungwa ibaki, kwa sababu mbili. Kwanza, anayekagua akitaka faili jinsi lilivyotumwa, utakuwa nalo. Pili, kuna taarifa zenye sahihi ya kidijitali, na sahihi hiyo inathibitisha mpangilio kamili wa faili hadi herufi ya mwisho. Ukiondoa kufuli, mpangilio umebadilika, na programu ya kusomea PDF itatangaza kwamba sahihi si halali hata kama hujagusa tarakimu moja. Hiyo si hitilafu ya qpdf. Hivyo ndivyo sahihi inavyofanya kazi, na hakuna njia yoyote ya kuondoa kufuli itakayoikwepa. Faili lenye sahihi lipeleke likiwa limefungwa, na nywila itume kwa njia nyingine, mathalani kwa meseji.

Kwa taarifa 12 za mwaka zenye nywila moja, hakuna haja ya kurudia amri mara 12. Andika nywila kwenye mstari wa kwanza wa faili liitwalo nywila.txt, kisha kwenye Linux au Mac:

```
mkdir wazi
for f in *.pdf; do
  qpdf --password-file=nywila.txt --decrypt "$f" "wazi/$f"
done
```

Nakala zilizo wazi zitaingia kwenye folda wazi kwa majina yaleyale. Zile alama za kunukuu zinazozunguka `$f` zisiachwe, maana majina ya taarifa mara nyingi yana nafasi katikati. Kama kila mwezi ulikuja na tarakimu zake, faili lililolingana litafunguka na mengine yatakupa `invalid password`. Hayo yashughulikie moja moja.

Faili la nywila lina faida nyingine. Nywila ukiiandika ndani ya amri, kwenye Linux na Mac hubaki kwenye historia ya amri, na yeyote atakayebonyeza mshale wa juu ataiona. Kama nywila ni namba yako ya kitambulisho, hilo si dogo. Ukimaliza, futa nywila.txt. Kwenye Windows, angalia pia jina lisiwe nywila.txt.txt, kwa kuwa Windows huficha kiambishi, na ukiandika .txt wakati wa kulibadilisha jina faili ambalo tayari linacho, kinakuwa viwili. qpdf itadai faili halipo ilhali unaliona kwa macho.

Mwenye simu pekee anaweza kuitumia qpdf ndani ya Termux, programu ya kuandikia amri kwenye Android. Andika `pkg install qpdf`, kisha `termux-setup-storage` ili uruhusu kuona mafaili ya simu, halafu `cd ~/storage/downloads`. Kuanzia hapo amri ni zilezile.

Zipo tovuti zinazoahidi kuondoa nywila bure: unapakia PDF, unaandika nywila, unarudishiwa nakala iliyo wazi. Fikiria ulichowapa. Taarifa ya pesa kwa simu huonyesha jina lako, namba yako, salio lako, na majina ya watu uliowatumia na waliokutumia. Wao hawakukubali kupakiwa popote. Kazi ambayo qpdf inaifanya kwa sekunde chache juu ya meza yako haina sababu ya kupita kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua.

Nakala iliyo wazi, kila atakayeishika anaisoma. Kama umeitengeneza kwenye kompyuta ya kibanda cha intaneti, ihamishie kwenye flashi yako, kisha ifute kutoka Downloads na kwenye folda ya bin uliyoitumia, halafu safisha Recycle Bin. Kisha toka kwenye baruapepe yako, kwa sababu faili la awali bado limo humo, pengine na nywila yake pia kama ulijitumia mwenyewe.