Utafiti wa dawa ukisimamishwa, uliza ni kwa kanuni ipi

Kwa miaka kadhaa nimekuwa kwenye kamati ya ushauri ya jamii ya kituo cha utafiti, na habari inayotikisa mtaa kuliko zote ni hii: "Utafiti umesimamishwa." Wengi hudhani dawa imeua watu. Ukisikia hivyo, uliza kwanza ni kanuni ipi iliyotumika.

Awamu ya kwanza hupima usalama na kipimo cha dawa kwa watu makumi, ya pili kwa mamia. Ya tatu huchukua maelfu, wengine wakipewa dawa na wengine kidonge bandia kisicho na dawa ndani, bila mshiriki wala daktari kujua nani kapata nini. Anayejua ni kamati huru ya usalama, ambayo hufunguliwa takwimu kwa vipindi vilivyopangwa kabla utafiti haujaanza.

Mwaka 2011 kidonge kimoja cha kuzuia VVU, chenye tenofovir na emtricitabine, kilikuwa kikijaribiwa katika tafiti mbili zilizofika Afrika Mashariki. FEM-PrEP, iliyohusisha wanawake wa Kenya, Tanzania na Afrika Kusini, ilisimamishwa Aprili. Maambukizi yalikuwa 56, nusu kwa nusu kati ya makundi mawili, na kamati iliona kwamba hata wakiendelea hadi mwisho hawatapata jibu. Baadaye vipimo vya damu vilionyesha kuwa chini ya asilimia 40 ya waliopewa dawa walikuwa wameimeza karibuni. Kamati haikuwa imesema kidonge ni kibaya.

Julai ikafuata Partners PrEP, ya jozi 4,758 za wenza wa Kenya na Uganda, kila jozi mmoja akiwa na VVU na mwenzake hana. Waliopewa kidonge hichohicho walioambukizwa walikuwa 13. Waliopewa kidonge bandia, 47. Makundi yalikaribiana kwa ukubwa. Kamati ikaagiza kidonge bandia kiondolewe, na waliokuwa wakikimeza wakapewa nafasi ya kupata dawa.

Watu huniuliza kwa nini kamati haisimamishi mara tu tofauti inapojitokeza. Ukichungulia takwimu mara nyingi, bahati tupu itakudanganya siku moja. Ndiyo maana kanuni ya wanatakwimu O'Brien na Fleming huweka kizingiti kigumu mwanzoni. Ukipanga kuangalia mara tatu, mara ya kwanza tofauti inakubaliwa tu ikiwa bahati ingeileta takriban mara 1 katika 2,000. Mara ya mwisho, karibu mara 1 katika 20. Kwa madhara, kamati nyingi hazisubiri ushahidi mzito hivyo, na hapo naziunga mkono kabisa.

Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi fomu ya ridhaa, uliza kamati itaangalia takwimu lini, itasimamisha kwa sababu zipi, na ikisimamisha, waliopata kidonge bandia watapewa nini. Msimamizi asipoweza kukueleza kwa Kiswahili cha kawaida, nenda na fomu nyumbani kwanza.