Vijiti vya kaa visivyo na kaa: je, asiyekula kaa anaweza kuvila?

SWALI: Asalaam aleikum sheikh. Mimi napika vyakula vya harusi hapa Mombasa. Mteja ameniletea pakiti mbili za kugandishwa, moja vijiti vya kaa na moja mipira ya samaki ile myeupe, anataka nimtengenezee saladi ya kaa. Mamangu hali kaa, alisomeshwa tangu udogoni kuwa ni haramu, na ameniambia nisivitie hata mkono. Binamu yangu aliyeko Maskati anasema humo hamna kaa hata chembe, ni samaki. Nani mkweli?

JIBU: Wa aleikum salaam, dada yangu. Binamu yako kasema kweli kwa sehemu kubwa, ila lile neno lake "hata chembe" ndilo lenye mushkili. Mama yako naye katahadhari kwa haki, japo kaziba mlango mpana kuliko unaohitaji kuzibwa.

Kabla ya kuandika nilimtuma kijana akaniletea pakiti ya vijiti. Nikakiacha kimoja kwenye sahani mpaka barafu ikaisha, nikakitoa kile kinailoni chake, nikaanza kukifungua kwa vidole. Kilifunguka kama jamvi lililokunjwa: utando mweupe mmoja, mwembamba, uliochanjwa nyuzi ndefu zilizolala upande mmoja, zote unene sawa. Wekundu uko juu tu kama rangi ya kucha, ndani hakuna kitu. Wewe mpishi umeshavunja gando la kaa. Nyama yake ni nyuzi fupi zinazoanzia kwenye ule ubapa mweupe mgumu ulio katikati ya gando, zinakwenda mshazari, na ukizivuta zinaachana kwa mafungu yasiyolingana. Mungu hakuumba kaa mwenye nyuzi zilizopimwa kwa mashine.

Kitu hicho msingi wake ni surimi, neno la Kijapani lenye maana ya nyama iliyosagwa. Samaki anayetumika sana ni poloki wa Alaska, jamaa wa koodi, wa bahari za baridi kaskazini ya Pasifiki. Viwanda vya Thailandi, India na Vietnamu hutumia samaki wadogo wa rangi ya waridi wa bahari za joto. Samaki huondolewa kichwa, matumbo, miba na ngozi, nyama ikasagwa, kisha ikaoshwa kwa maji baridi sana, mara mbili au tatu. Kuosha huko ndiko kunakobadilisha kila kitu. Maji huchukua damu, mafuta, harufu na rangi, na kinachosalia ni protini ya misuli peke yake, nyeupe, isiyo na ladha ya kutajika. Ndiyo maana kwenye kilo 100 za samaki mzima zinatoka kilo 20 na kitu tu za surimi. Hukamuliwa maji, hutiwa sukari na sorbitoli kidogo ili baridi isiiharibu, kisha hugandishwa kwa vipande vya kilo 10. Hila hiyo ya sukari Wajapani wa Hokaido waliigundua mnamo 1960. Kabla yake, nyama ya poloki ikigandishwa ilikuwa ikitoka kama sponji. Vijiti vyenyewe vilikuja baadaye, miaka ya 1970, Japani hukohuko.

Sasa kiwandani kile kipande huyeyushwa na kukandwa na chumvi, kama asilimia 2 au 3. Chumvi huifungua ile protini, nyama ikawa kinyunya chenye kunata, na kikipata moto kinashikana na kunyumbuka kama mpira. Hapo vijiti na mipira vinaachana njia. Mipira hufinyangwa ikachemshwa. Vijiti hutandazwa utando, hupigwa mvuke, huchanjwa, hukunjwa na kupakwa rangi. Lakini mama yao mmoja. Ukitaka kujua mpira mzuri, kata kipande chembamba, kama milimita 3, ukikunje mara mbili: kisipopasuka, nyama ya samaki imo ya kutosha. Kikikatika mara moja, umenunua wanga. Na wanga haukosekani. Kwenye vijiti vingi surimi haifiki hata nusu ya uzito, iliyobaki ni maji, wanga, ute wa yai, sukari, mafuta na ladha.

Basi tuje kwenye hukumu. Surimi yenyewe ni samaki, na samaki mwenye magamba hana mzozo katika madhehebu yoyote. Mwenyezi Mungu amesema katika Suratul Maida, aya ya 96, kuwa tumehalalishiwa windo la bahari na chakula chake. Samaki hachinjwi, kwa hiyo hata swali la nani kamvua halipo. Poloki ana magamba, kwa hiyo hata ndugu zetu Mashia wa Jaafari, ambao huyatazama magamba, hawana neno naye.

Kaa ni jambo jingine, na mama yako hakuzua. Imamu Nawawi, mwanachuoni wa Kishafii, katika kitabu chake Minhaj amemtaja kaa pamoja na chura na nyoka miongoni mwa wanaoishi majini na nchi kavu, akasema ni haramu, na hiyo ndiyo iliyosomeshwa katika madarasa mengi ya pwani yetu. Ukimtazama kaa wa mikokoni anavyotoka matopeni maji yakikupwa, unaelewa walikotoa kauli. Lakini Nawawi huyohuyo katika kitabu chake kingine, Majmuu, ameiona sahihi kauli ya kuwa vya baharini vyote ni halali isipokuwa chura. Wamaliki wanaruhusu, Wahanafi hawali katika vya majini ila samaki. Kwa hiyo Lamu utakuta nyumba moja inakula kaa wa kupikwa kwa nazi Ijumaa na nyumba ya pili haimuingizi jikoni, na wote wanaswali safu moja. Mimi simwondoi mtu kwenye aliyosomeshwa na walimu wake.

Swali basi, kwa mtu kama mama yako, ni hili: je, ndani ya kijiti kimoja kuna kaa kiasi gani? Surimi haina ladha, kwa hiyo kiwanda lazima kiilete ladha ya kaa kutoka mahali. Wengine huitengeneza kwa kemikali tupu. Wengine hutia mchuzi wa kaa halisi uliochemshwa ukakaukia, na wengine hutia kidogo cha nyama yake ili waweze kuandika kaa kwenye pakiti. Hapo ndipo "hata chembe" ya binamu yako inapoanguka.

Nimesikia wakisema: kitu kidogo kama hicho kimeshamezwa na kingi, hakina hukumu. Kanuni hiyo ipo, lakini masharti yake ni kuwa kilichomezwa kisibaki na ladha, rangi wala harufu. Mchuzi wa kaa umetiwa humo kwa makusudi ya kuonekana kwa ladha. Utasemaje umepotea, nao ndio unaokuambia unakula kaa? Kwa hiyo asiyekula kaa, kijiti chenye mchuzi wa kaa wa kweli akiache. Chenye ladha ya kutengenezwa ale bila wasiwasi.

Utavitofautishaje? Usihangaike na picha ya kaa iliyochorwa mbele. Geuza pakiti, utafute vitu vya mzio: Ulaya huvitilia mkazo, kama kwa herufi nzito, ndani ya orodha yenyewe, kwingine mara nyingi huwa na sehemu yake chini. Ulaya na Marekani sheria inalazimisha kutaja jamii ya kaa na kamba ikiwa imo, hata ikiwa ni kidogo na imeingia kwa njia ya ladha. Pakiti ya kijana wangu ilikuwa imetoka Ulaya. Kwenye orodha niliona samaki, maji, wanga, ute wa yai, sukari, chumvi, "ladha ya kaa", na rangi E160c. Ile "ladha ya kaa" peke yake isingenisaidia. Lakini mbele yake, kwa herufi nzito kama walivyoandika samaki na yai, waliandika jamii ya kaa. Wamekiri wenyewe. Lau wangeandika tu kuwa huenda ikawa na athari zake, hiyo ni tahadhari ya mashine zinazotumika kwa bidhaa nyingi, nami nisingeijengea uharamu.

Mambo mengine matatu niliyatazama kwenye pakiti hiyo, na haya yanamhusu hata anayekula kaa. Rangi E160c ni ya pilipili nyekundu, haina neno. Lakini vijiti vingine hupakwa E120, inayotokana na mdudu akaushwaye na kusagwa. Baraza la Maulamaa la Indonesia liliihalalisha mwaka 2011, ila msimamo wa Shafii kuhusu wadudu ni mzito, na mimi naepuka. La pili ni mirini, mvinyo mtamu wa mchele ambao baadhi ya mapishi ya Kijapani huutia. Ukiliona jina hilo, rudisha pakiti. La tatu ni plazima ya damu. Kuna aina za samaki ambao nyama yao hulegea ikipashwa moto, na viwanda vimewahi kutia plazima ya damu ya ng'ombe ili ishikane. Damu iliyomwagika ni haramu kwa aya, haisubiri kaa wala madhehebu.

Ile mipira usiisahau kwa kuwa jina lake ni la samaki. Kwa kawaida ni salama kuliko vijiti, maana haihitaji ladha ya kaa. Lakini ya mtindo wa Fuzhou, China, hujazwa nyama katikati, na nyama ya asili ya mapishi hayo ni ya nguruwe. Ukate mmoja katikati kabla ya kupika. Ukiwa mweupe mpaka ndani, soma orodha uendelee. Ukikuta kiini cha nyama na pakiti haina maelezo wala alama ya halali unayoiamini, usiupike.

Kuhusu kutia mkono, kugusa si kula. Pika, osha mikono na ubao, mama yako mwekee chakula chake mbali.

Limebaki moja ambalo hukuniuliza. Mteja kakwambia "saladi ya kaa", na wageni wa harusi watakula wakiamini ni kaa. Mtume, swalla Llahu alayhi wa sallam, alitia mkono kwenye lundo la nafaka sokoni, vidole vikakuta unyevu chini, akamwambia muuzaji kwa nini asiuweke juu watu wauone. Mwambie mteja wako kabla hujachukua pesa kuwa hivi ni vijiti vya samaki vyenye ladha ya kaa, na bei iwe ya hivyo. Na siku ya harusi bandika karatasi mbele ya sinia hilo, uandike pia kuwa mna kaa kidogo ikiwa pakiti imesema hivyo. Kuna mgeni ambaye kaa humvimbisha koo, naye hatajali Nawawi amesema nini.

Wallahu aalam.