Mashine ya sukari inayoongea

"Mama yuko Kayole, ana kisukari na macho yamefifia. Nimnunulie mashine inayoongea?"

– Chukua yenye skrini kubwa tu, shangazi yangu anaisoma vizuri.

– Skrini kubwa inamfaa anayeona kwa miwani. Lakini wengi hukwama kwenye stripu, kile kijikaratasi kinachopokea damu, kabla hata namba haijatoka. Ukiwa dukani, mwombe muuzaji amruhusu mama aipapase stripu mwenyewe. Iwe pana, na iwe inayovuta damu yenyewe kutoka ukingoni. Zile za kudondoshea damu juu, achana nazo.

Aoshe mikono na kuikausha kabisa, maana utamu wa embe kidoleni hupandisha namba. Aingize stripu kwanza, mashine ikisema iko tayari ndipo achome pembeni mwa kidole. Kisha ateleze ncha ya stripu polepole kwenye ubavu wa kidole hicho mpaka asikie mlio. Nyingi hulia damu ikishafika. Hakikisha hiyo inafanya hivyo. Damu ikiwa kidogo itatangaza kosa, atoe stripu hiyo na kuweka mpya.

Uliza pia inaongea lugha gani na kwa kipimo kipi. Kliniki zetu hutumia mmol/L. Ikitamka 126, hiyo ni mg/dL: gawa kwa 18, ni 7. Kwa mama asiyesikia Kiingereza, mfundisheni namba hadi 30.

– Na ya presha je, nayo huongea? Baba yangu ndiye anaihitaji.