Valiamu kabla ya MRI: usimeze Lindi, na usimeze ukiwa peke yako

"Wakuu, Jumanne nina MRI ya mgongo Mtwara, miadi saa 3 asubuhi. Naishi Lindi. Naogopa sana sehemu za kubana, hata lifti sipandi. Nimepata valiamu dukani, nimeambiwa nimeze alfajiri kabla ya kupanda gari ili nifike nimeshatulia. Nakwenda mwenyewe. Je, naruhusiwa kula?"

Usimeze hicho kidonge Lindi. Na kama kweli unakwenda mwenyewe, usimeze hata ukifika Mtwara. Ahirisha, au ingia kwenye mashine ya MRI, lile bomba la sumaku linalopiga picha za ndani ya mwili, bila dawa, lakini usikimeze halafu ukabaki peke yako mjini na simu yako mfukoni.

Huyo aliyekuuzia lazima ana undugu na aliyeniuzia mimi. Wangu alikuwa nyuma ya kaunta ya duka la dawa, hakuuliza natumia dawa gani nyingine, hakuuliza nakwendaje wala nitarudije. Dawa ya kuandikiwa na daktari akanifungia kwenye kikaratasi kama pipi za kifua, akaniambia kwa kujiamini kabisa: "Meza ukiamka tu mzee, hii inakaa mwilini siku nzima." Kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba hakudanganya. Alisema nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo iliyoniponza.

Nieleze hapo taratibu, maana ndipo penye kesi yote. Valiamu, yaani diazepamu, ukiimeza tumbo likiwa halijajaa huanza kukutuliza ndani ya nusu saa hivi, na nguvu yake hufika juu kabisa kwenye saa moja mpaka saa moja na nusu. Baada ya hapo utulivu unaanza kushuka, ingawa dawa yenyewe bado imo. Inahama kutoka kwenye damu na ubongo, inajificha kwenye mafuta ya mwili, kama maji ya mvua yanavyotoka barabarani yakazama mchangani. Mwili unahitaji siku moja mpaka mbili kupunguza nusu yake tu, na unapoivunja unatengeneza kitu kingine ambacho nacho kinaleta usingizi na kinakaa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo ule utulivu unaoutaka ukiwa ndani ya bomba ni wa saa chache. Uzito wa kichwa ndio wa siku nzima. Muuza dawa alinihesabia uzito, mimi nilikuwa nahitaji utulivu.

Sasa sikiliza yaliyonikuta. Miadi yangu ilikuwa asubuhi kama yako. Nikameza saa 11 alfajiri, nikapanda kosta. Tulipofika Mingoyo nilikuwa mtu mwema kuliko abiria wote, nikampisha mama mmoja kiti cha dirishani bila kuombwa. Mikindani bahari ilikuwa nzuri ajabu. Nilitulia kweli, tatizo ni kwamba nilitulia ndani ya kosta, na kosta sikuwa naiogopa.

Nilifika mapema, nikaandikishwa, nikasubiri. Kisha akaletwa mgonjwa wa ajali, akapitishwa kwanza, na ilikuwa haki yake. Zamu yangu ikasogezwa nyuma. Nilipoitwa ilikuwa saa 5 na kitu, na ule wema wote wa Mingoyo ulikuwa umeisha. Nikalala kwenye kitanda, kikaanza kuingia, nikaona dari iko karibu na pua, nikaubonyeza ule mpira wa kuita watu kama naukamua maziwa ya mwisho. Nikatolewa. Mtaalamu, kijana mpole sana, akaniambia nikapumzike nje, tutajaribu tena baada ya wagonjwa wengine. Akaniuliza: "Baba, umetumia dawa yoyote ya kutuliza?" Nikamjibu hapana. Mtu mzima na ndevu zangu nitasema nimemeza dawa ya woga?

Hilo "hapana" ndilo lililonigharimu kuliko yote. Angejua, angeuliza saa ngapi na kiasi gani, na daktari angeamua. Badala yake nikaenda chooni nikameza cha pili kwa akili yangu. Nikakaa dakika kumi, sikuhisi kitu, nikaona labda ni feki, nikameza cha tatu. Unaona hesabu ilivyo? Cha alfajiri bado kiko mwilini kinasinzia, cha pili hakijafika, cha tatu kinakifuata nyuma. Wakaniita. Mwanzoni nilivumilia kwa kuhesabu tu. Katikati ya kipimo vile viwili vikafika pamoja, nikalala, nikaanza kukoroma na kushtuka. MRI inataka utulie bila kujitikisa kwa dakika ishirini mpaka arobaini hivi kutegemea kipimo, na dawa ile kazi yake ni kuondoa woga, si kukulaza. Ukilala fofofo unatikisika, na ukiambiwa uvute pumzi huitikii. Picha zangu zilitoka na ukungu. Nikapangiwa kurudi.

Kuanzia hapo simulizi si yangu tena, naiunganisha kutoka kwenye simu na maneno ya watu. Valiamu ikizidi kidogo inazuia kumbukumbu mpya zisiingie kichwani. Unatembea, unaongea, unacheka, ukiulizwa unajibu, lakini hakuna kinachoandikwa. Mtu akikutazama anaona mzima. Mtaalamu inasemekana alinieleza nini cha kufanya, nikaitikia "sawa sawa". Sikumbuki neno. Simu inaonyesha nilituma pesa kwa mtu ambaye namba yake siijui mpaka leo. Halafu nikapanda gari la Masasi. Pale Mingoyo barabara inagawanyika, moja inakwenda Lindi, nyingine inashika Mtama, Nyangao, Ndanda mpaka Masasi, na mimi nikaenda na hiyo nyingine, usingizi mtamu. Konda aliniamsha Ndanda. Nilikuwa nimempakata jogoo. Sijui nilimnunua kwa nani wala kwa bei gani. Mke wangu alimpa jina Radiolojia, na alichinjwa Idi. Chekeni tu, mimi mwenyewe nimeshacheka, lakini ningevuka barabara vibaya pale stendi leo jina langu lingekuwa kwenye tangazo la msiba.

Ndiyo maana nasema msindikizaji si wa kukushika mkono. Ni wa kukumbuka na kuamua kwa niaba yako, kwa sababu mtu aliyemeza hana uwezo wa kujipima. Utasikia watu wanasema "mimi sijisikii kulewa." Hata mimi sikujisikia kulewa, nilijisikia nafuga kuku.

Kazi ya msindikizaji inaanza kabla hujameza. Kuna fomu utakayoulizwa maswali: una kifaa cha moyo, una chuma mwilini, umewahi kuingiwa na kipande cha chuma jichoni, labda kwa kuchomelea. Sumaku ile haina mchezo, majibu hayo yatolewe na kichwa kizima, na saini iwekwe kabla ya dawa. Ukimaliza fomu, vidonge abaki navyo yeye. Wewe usiwe navyo hata kimoja. Aende kwa mtaalamu amwambie wazi kwamba mgonjwa wangu anaogopa, ana dawa aliyoandikiwa, nisaidie kujua zamu yake. Mtaalamu akisema umebakiza kama saa moja kuingia, hapo ndipo unameza, mbele ya msindikizaji, naye aandike saa kwenye simu. Saa iliyo kwenye karatasi ya miadi haihusiki, saa ya kumezea unaipata kwa mtu wa mashine. Kama daktari atakuandikia lorazepamu badala ya valiamu, hiyo inachelewa zaidi kufika juu, inaweza kuchukua hata saa mbili, kwa hiyo fuata muda atakaokupa yeye na si huu wangu.

Foleni ikichelewa baada ya kumeza, hakuna kuongeza. Msindikizaji amtafute daktari amuulize, aeleze umemeza kiasi gani na saa ngapi.

Na hapa nakuuliza kitu ambacho duka halikukuuliza: mgongo unakuuma, unatumia tramadoli, ile dawa kali ya maumivu? Wengi wetu wa migongo tunaitumia. Tramadoli na valiamu zikikutana zinaweza kupunguza pumzi mpaka hatari, na pombe vilevile, hata ya jana usiku. Mwambie daktari kabla ya Jumanne. Mwambie pia kama unakoroma ukikata pumzi usingizini, kama una ugonjwa wa mapafu au ini, na kama ni mwanamke na kuna uwezekano wa mimba. Kama ni mtu wa makamo mwenye miguu isiyo imara, dozi ya kawaida inaweza kukuangusha. Msindikizaji ajue dalili: ukiamshwa huamki vizuri, pumzi inakuwa ya polepole, midomo inabadilika rangi. Akiona hivyo asikupeleke nyumbani ukalale, arudi na wewe mapokezi ya dharura mbio.

Wengine dawa hii inawageuka, badala ya kutulia wanakuwa wakali au wanaongea ovyo. Muulize daktari kama inafaa ujaribu kidonge kimoja nyumbani siku ya mapema, ukiwa na mtu, ili usije kujua tabia yako mbele ya mashine.

Chai na kipande cha mkate havina ubaya kama hospitali haijakuagiza ufunge. Usijaze ugali wa muhogo na samaki halafu umeze juu yake, chakula kingi kinaichelewesha dawa na utadhani ni feki kama mimi. Na kama ni mgongo wa chini, muulize mtaalamu kama unaweza kuingia miguu ikitangulia. Wakikubali, kichwa kinaweza kubaki karibu na mlango, na kuna watu hiyo peke yake imewatosha bila kidonge chochote.

Msindikizaji chagua mtu mzima anayeweza kusema hapana kwako, maana ukishameza utakuwa na mawazo mazuri sana. Mdogo wako asiyekubishia hafai. Simu na pochi ashike yeye mpaka asubuhi ya pili, namba ya siri ya pesa usiitumie siku hiyo, pikipiki usiiguse, na kama una mkataba wa korosho wa kusaini usubiri. Kwenye gari akae upande wa njia, wewe dirishani, na yeye ndiye amwambie konda mnashuka wapi.

Leo hii rudi kwa aliyekuandikia MRI, mwambie unaogopa, akuandikie dawa na kiasi chako. Na kama mpaka Jumatatu jioni hujapata mtu wa kwenda naye, wapigie hospitali uombe tarehe nyingine.